Barua ya wazi kwa vijana wa vichekesho wa Pwani ya Kusini: skripti ikiisha, isomwe tena

Kwa vikundi vyote vinavyotunga na kurekodi vichekesho na video za utalii, kuanzia Diani na Msambweni hadi Shimoni, Wasini na huku kwetu Mkwiro.

Nawaandikia nikiwa Mkwiro, ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, mahali ambapo video zenu hufika mapema kuliko mashua ya asubuhi. Kazi yenu naipenda. Mmeionyesha bahari yetu, na mmewachekesha watu waliokuwa hawajui hata kama kisiwa hiki kina vijiji. Nataka kusema nanyi juu ya hatua moja tu ya kazi hiyo, nayo ni ile saa ambapo skripti imekwisha, kila mtu chumbani amecheka, simu imejaa chaji, na mmoja wenu anasema, "Haya, twendeni tukarekodi." Naomba msiende bado.

Kicheko cha chumbani hakitoshi kuwa ushahidi. Mliotunga mna umri mmoja, mmekua pamoja, na mnajua nani anataniwa na kwa nini. Aliyeandika mstari husoma alichokusudia, lakini mtazamaji wa Kakamega au wa Maskati hana lingine ila alichosikia. Kwa hiyo msomaji wa mwisho wa skripti asiwe mmoja wa watunzi. Awe mtu ambaye hakuwapo mlipokuwa mkibuni, na asomewe kwa sauti, polepole, bila kuigiza. Mwigizaji hodari huuficha mstari mbaya kwa macho na mabega, na mkiusoma mkavu mtausikia ulivyo. Mwachieni kalamu na karatasi. Kila mahali skripti inapodai jambo la kweli, apige mstari chini na aulize pembeni: nani kasema, na tumejuaje? Kila mahali panapotajwa kundi la watu, kabila, kijiji, umri, dini au ulemavu, aweke duara. Na kila mahali panapochekesha, aandike jina la anayechekwa. Kwa skripti ya dakika nne kazi hii haifiki saa moja.

Nitaonyesha kwa mfano. Huu nimeutunga mwenyewe, si wa kikundi chochote, ila mistari yake mtaitambua kwa sababu kila mtu ameisikia. Mtalii kutoka Nairobi anashuka Shimoni. Nahodha anamwahidi pomboo. Wanapita kwenye mapango, mtembezaji anaeleza habari za watumwa. Wanavuka hadi Mkwiro, mtalii ananunua sabuni ya mwani. Jioni anakutana na bibi kizee mwenye macho mekundu, muziki wa kutisha unalia, anakimbia. Njiani anamgonga mvuvi wa Kipemba mwenye pweza begani, ambaye kwa kudhani amefuatwa na polisi anajificha chini ya dau. Mwisho anafika mgombea wa kisiasa kuahidi maji, na mtoto anamwambia, "Wewe si ndiye uliyeiba zile pesa za kwanza?" Watu wanacheka, video inaisha.

Nahodha tumalizane naye upesi. Amesema, "Pomboo lazima uwaone, na utawashika kwa mkono." Pomboo wa Kisite ni wanyama wa mwituni, na ziko siku hawaonekani. Atakayelaumiwa siku hiyo ni nahodha halisi wa Shimoni, amesimama na mgeni aliyeiona video yenu na anataka arudishiwe pesa. Ahadi ya kuwashika ni mbaya zaidi, maana huwafanya manahodha wawafukuzie na kuwazingira kwa mashua ili mgeni aridhike. Halafu kama skripti yenu inamwonyesha mtalii akirusha mshipi huko, angalieni mko wapi. Hifadhi ya bahari ya Kisite hairuhusu uvuvi wowote, lakini Mpunguti iliyo jirani yake huruhusu uvuvi wa kienyeji. "Mara nyingi huwa tunawaona, twende tukabahatishe" ni mstari wa kweli, na nahodha mzuri atauchekesha vilevile.

Kwenye mapango ya Shimoni mtembezaji anasema, "Watumwa laki tatu walifungwa humu." Kalamu ipige mstari hapo. Kwamba mapango hayo yanasimuliwa kuwa yalitumika kufungia watumwa ni jambo linalojulikana, na wageni huelezwa hivyo. Ile laki tatu imetoka wapi? Ikiwa hakuna awezaye kujibu, iondoeni. Habari yenyewe ni nzito bila tarakimu ya kubuni, na atakayekuja kuikosoa tarakimu atawafanya watu waidharau na habari yote. Lakini kuna hatari nyingine hapo ambayo mtu wa mbali haioni. Mtembezaji anaongeza utani: "Na ukoo wa yule pale ndio walikuwa wakiuzwa." Katika mwambao huu, kumwambia mtu kuwa babu zake walikuwa watumwa ni kumvunja hadharani. Posa zimekataliwa kwa neno hilo, na watu wamehama vijiji kwa ajili yake. Vivyo hivyo kusema ukoo fulani ndio waliokuwa wauzaji. Historia isemwe, tena isemwe wazi, lakini isishikizwe kwenye nyumba inayoonekana kwenye picha.

Sasa sabuni. Kina mama wa pande hizi, wa Kibuyuni na wa hapa Mkwiro, hulima mwani. Hufunga vipande vyake kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi, huvihudumia maji yakitoka, huvuna, huanika, na sehemu ya mavuno hutengenezwa sabuni. Ni kazi ya mgongo na jua, na inastahili video. Katika skripti yetu muuzaji anasema, "Hii inaponya upele, pumu, kisukari, hata saratani." Waigizaji wanacheka kwa sababu orodha inazidi kurefuka, na mtunzi anajitetea kuwa ni chumvi tu ya kichekesho. Lakini someni mstari huo kwa sikio la mama wa Lunga Lunga mwenye kisukari ambaye binti yake amempelekea klipu ya sekunde kumi, bila mwanzo wala mwisho. Yeye hakuuona utani. Aliona kina mama waaminifu, aliona sabuni, akasikia "kisukari". Akiacha vidonge kwa wiki mbili, anaweza kuishia wodini.

Namna ya kuirekebisha ni kutenga vitu vitatu ambavyo mdomo wa muuzaji huvichanganya. Kuna kinachojulikana: imetengenezwa kwa mwani, inatoa povu, ina harufu hii. Kuna anachosema mtu mmoja juu yake mwenyewe: "Mimi ngozi yangu imelainika." Hilo linaweza kubaki likisemwa na huyo aliyelainika na likaishia hapo. Na kuna dai la tiba, ambalo halibaki mpaka pawe na waliolipima na wenye mamlaka ya kulisema, na kina mama wa sabuni si hao. Msikimbilie alama ya ubora ya KEBS mkadhani inawaokoa. Alama hiyo husema bidhaa imefikia kiwango kilichowekwa kwa bidhaa ya aina yake. Haisemi kwamba inaponya. Hata mwani wa kula una jambo lake: una madini ya ayodini kwa wingi, na mtu mwenye maradhi ya tezi la shingo anaweza kudhurika akiambiwa ale tu kwa kuwa ni wa asili. Mkitaka kumcheka muuzaji mwenye maneno mengi, mchekeni kweli: mwekeni mama mwingine pembeni amkatize kila akianza kutaja ugonjwa. Kichekesho kitabaki, tena kitakuwa kikali zaidi, na klipu ya sekunde kumi itakuwa imebeba kanusho lake ndani.

Hapa nataja jambo dogo ambalo huwaponza wengi. Mtunzi akiona dai lina hatari, huweka "inasemekana" mbele yake na kuona amenawa mikono. Neno hilo halimwoshi mtu. Ukikariri uzushi juu ya mtu, mbele ya sheria ya kashfa wewe nawe umeutangaza, hata ukisema umeusikia kwa jirani. Na kutotaja jina hakutoshi. Inatosha kwamba wanaomjua wamemtambua. Kisiwa hiki chote hakizidi sana kilomita 5 kwa urefu. Mkisema "yule bibi wa nyumba ya mwisho kabla ya ufuo", mmetaja jina, jina la baba na jina la babu.

Na sasa nimefika kwa huyo bibi, na hapa nitakaa.

Mnajua ninachokisema. Pwani yetu imezika wazee waliouawa kwa kuitwa wachawi. Kilifi wamekuwa wengi, na Kwale hatujasalimika. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotoroka watoto wao wenyewe. Dalili zinazotajwa ni zilezile: mvi, macho mekundu, kukaa peke yake, kuzungumza usiku. Macho mekundu ni moshi wa kuni wa miaka 60. Kukaa peke yake ni kwamba mume amekufa na watoto wako Mombasa. Mara nyingi chini ya tuhuma kuna shamba, na anayetuhumu ndiye anayengoja kurithi. Mtu wa namna hiyo hahitaji sababu, anahitaji kijiji kiwe kimeshazoea wazo. Video inayomwonyesha bibi mwenye macho mekundu, muziki wa kutisha na kijana akikimbia huku watu elfu hamsini wakicheka, ndiyo inayokizoesha kijiji wazo hilo.

Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, ni ya mwaka 1925, na watu hudhani inamlenga mchawi peke yake. Ndani yake pia ni kosa kumtuhumu mtu kuwa mchawi pasipo kulipeleka jambo kwa wenye mamlaka. Naitaja ili mjue kwamba hata serikali ya kikoloni iliona tuhuma yenyewe ni silaha. Lakini hata isingekuwapo sheria, ningewaomba vilevile.

Mtu wenu atasema: basi hatuwezi kuchekesha juu ya uchawi, nao umejaa katika hadithi zetu? Mnaweza. Angalieni ni nani anayechekwa. Katika skripti ya mfano anayechekwa ni bibi, na kijana mwoga anaonewa huruma. Igeuzeni. Kijana anakimbia, anaanguka matopeni, anapoteza kiatu, na bibi amesimama na taa akimwita kwa sababu alidondosha pochi. Kesho yake anakuja kuomba kiatu chake, na bibi anamlipisha kazi ya kuteka maji. Uoga umechekwa, mzee ana akili, na hakuna aliyetuhumiwa. Kisha angalieni nani anaigiza. Msimchukue bibi halisi wa mtaa mkampiga picha kwa siri, au mkampa shilingi mia mbili na kumwambia akae tu mlangoni. Sura yake itabaki mtandaoni akiwa na lile neno chini yake, na nyinyi mtakuwa mmeshahamia kichekesho kingine. Awe mwigizaji, aisome skripti nzima, na ajue video itaitwaje.

Nimesema itaitwaje kwa makusudi. Nimeona skripti safi kabisa ikaharibiwa dakika ya mwisho na kichwa cha video. Mazungumzo yote ni ya heshima, kisha mtu mmoja, peke yake, usiku, anaandika juu kwa herufi kubwa: WACHAWI WA MKWIRO. Watu wengi huona kichwa na picha ya juu, na hawaifungui. Kwa hiyo kichwa, picha ya juu, maandishi yanayopita kwenye skrini na maneno ya kuisindikiza video vyote viandikwe kwenye skripti na visomwe siku ileile na msomaji yuleyule. Kilichoongezwa baadaye hakijasomwa.

Mvuvi wa Kipemba ni wa pili ninayetaka kukaa naye. Anaonekana mzaha mdogo: anasikia "polisi", anaingia chini ya dau. Someni historia yake kabla ya kucheka. Wapemba wamevua katika maji haya vizazi kwa vizazi, na wengi wao waliozaliwa Kenya waliishi bila kitambulisho. Bila kitambulisho mvuvi hawezi kupata leseni, hawezi kufungua akaunti, na akisimamishwa barabarani hana la kuonyesha. Ni mwaka 2023 tu ambapo serikali iliwatambua kuwa jamii mojawapo ya Kenya na vitambulisho vikaanza kutolewa. Kabla yao walikuwapo Wamakonde wa hapa Kwale, waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Oktoba 2016 walitembea kwenda Nairobi kudai uraia, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho. Mzee aliyejificha chini ya dau alijificha kweli, miaka mingi, mbele ya watoto wake. Mnapolifanya hilo kichekesho mnamwambia afisa wa kesho kwamba Mpemba bado ni mtu wa kutiliwa shaka, na mnamwambia mtoto wa shule kwamba baba yake ni wa kuchekwa.

Njia ya kupima mstari kama huu ni rahisi. Toeni jina la kundi muweke lenu. "Mdigo anasikia polisi, anaingia chini ya dau." Je, bado unachekesha? Ukiacha kuchekesha, basi kicheko kilikuwa kinategemea dharau ambayo watazamaji walikuja nayo, na skripti haikuongeza kitu. Ukiendelea kuchekesha kwa sababu ya namna mtu anavyoanguka au anavyojibu, basi hamkulihitaji jina la kundi tangu mwanzo, na mnaweza kuliondoa.

Vipi kuhusu lafudhi? Nalijua hilo mtaniuliza, maana nusu ya vichekesho vya Kenya husimama juu ya lafudhi. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, na nchi nzima ilimjua kwa jina la Mzee Ojwang' na Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kijaluo katika Vitimbi. Waluo wengi walimpenda. Nadhani ni kwa sababu Ojwang' alikuwa mtu kamili: alikuwa na mke wa kumjibu, hila zake, aibu zake na mapenzi yake. Lafudhi ilikuwa nguo aliyovaa, na kicheko kilitoka kwa alilotenda. Linganisheni na mhusika anayefungua mdomo, anatamka neno moja la Kivumba, watu wanacheka, anaondoka. Huyo hana kitu kingine. Kivumba ni lahaja yenye umri wake, kilichunguzwa na kuandikiwa kitabu na Lambert mwaka 1957, na watoto wetu wakifika shule za upili za bara huchekwa kwacho mpaka wakaacha kukisema. Mpeni mhusika wenu wa Kivumba shughuli, hoja na ushindi mmoja, halafu lafudhi yake iwe vile ilivyo.

Tena haki hii iende pande zote. Mtalii wetu ametoka Nairobi, na skripti nyingi za Pwani humfanya mtu wa bara kuwa mjinga, mchoyo na mwizi wa ardhi, kisha mtu mmoja husema, "Warudi kwao." Mstari huo usibaki hata kwa mzaha. Agosti 1997, hapa hapa, kutoka Kaya Bombo hadi Likoni, watu waliuawa na maelfu wakakimbia makwao kwa sababu ya maneno hayo hayo, na walioponzwa hawakuwa wenye hati za ardhi, walikuwa wapangaji na wauza mboga. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza na papo hapo inauondoa kwa matamshi ya chuki na uchochezi wa kikabila. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inagusa pia anayeonyesha au kusambaza rekodi, na haiulizi tu ulikusudia nini, inaangalia pia kama chuki ingeweza kuzuka kwa hali ilivyokuwa. Kosa la ardhi ya Pwani lipo na lina wenyewe. Mtajeni aliyelitenda kama mna ushahidi, na muwaache wauza mboga.

Hapo tunamfikia mgombea na mtoto anayeuliza, "Wewe si ndiye uliyeiba zile pesa za kwanza?" Sitaki mlifute swali hili kwa woga. Kumcheka mwenye madaraka ni kazi yenu, na kisiwa kilichotegemea maji ya mvua kwa miaka mingi kina haki ya kuuliza juu ya maji. Lakini "uliiba" ni dai la jinai, na kama mgombea wa skripti amevaa kofia, rangi na msemo wa mtu halisi, mmemtuhumu mtu halisi. Akiwapeleka mahakamani, kuthibitisha ukweli ni mzigo wenu. Kilicho salama na chenye nguvu zaidi ni kile kinachoonekana. "Mzee, bomba uliloahidi tumelingoja, tukakua, tukaoa." Kama mnataka tarakimu, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchapisha ripoti za serikali za kaunti kila mwaka. Someni, mnukuu mwaka na kiasi kilivyoandikwa, na msizidishe: ripoti ikisema fedha hazikuelezwa, msiseme zimeibwa.

Baada ya yote haya, bado mtu fulani atakasirika. Siwaahidi video isiyomuudhi mtu, na wala sitaki mumpe kila mwenye hasira kalamu ya kufuta. Wako wazee wasiopenda kuona msichana akiongoza mchezo, na wako viongozi wasiopenda kuulizwa. Hasira yao si madhara. Swali la msomaji wa mwisho liwe hili: mstari huu ukitoka, je, kuna mtu asiye na nguvu ambaye kesho atapata tabu dukani, shuleni, kituo cha polisi au mlangoni kwake usiku? Kama yupo, mstari uandikwe upya. Kama hayupo, na anayeumia ni fahari ya mkubwa, endeleeni.

Nawaomba mambo mawili, na nayaomba kwa moyo wote. La kwanza: kila kikundi kimtaje mtu mmoja, nje ya watunzi, mwenye ruhusa ya kusema "hii haitoki", na neno lake liheshimiwe hata kama siku ya kurekodi imeshapangwa na mashua imeshalipiwa. Kwa skripti inayogusa jamii fulani, mtu huyo aketi na wawili wa jamii hiyo, mmoja kijana na mmoja mzee, muwasomee yote, si mstari mmoja mmoja. La pili halingoji skripti ijayo. Fungueni kurasa zenu leo, mtafute kila klipu ambamo sura ya mzee halisi imewekewa neno mchawi, jini au mlozi, kwa utani au kwa kweli, muifute, na muwaandikie walioisambaza waifute. Kisha mmoja wenu aende kwa mzee huyo mchana, mbele ya jirani zake, amwambie kwamba imeondolewa, na jirani wasikie.

Wenu katika kazi,
Mkazi wa Mkwiro